Mitishamba ya usingizi kwa mtu aliye kwenye dawa za hospitali: mwongozo kuhusu valeriani

Haupiti mwezi bila mtu kuja dukani kuniulizia "valiamu ya mitishamba". Mimi ni mfamasia, nafanya kazi Tanga, na nimeshajua anachokitaka: ni valeriani, vidonge vya mizizi ya mmea uitwao Valeriana officinalis, unaoota Ulaya na sehemu za Asia. Wengi wametumiwa na ndugu walioko Ujerumani au Uholanzi, na kwenye kopo la Ujerumani huandikwa Baldrian. Valiamu ni kitu kingine kabisa. Hilo ni jina la biashara la diazepamu, dawa ya maabara iliyoanza kuuzwa mwaka 1963, na ndani yake hamna hata chembe ya valeriani. Majina yanafanana masikioni tu.

Kufanana huko kumewaponza watu kwa njia mbili. Wapo wanaoacha diazepamu ghafla wakiamini wamepata ndugu yake mpole wa kushika nafasi. Wapo wengine wanaomeza vyote viwili, kwa hoja kwamba kimoja ni dawa na kingine ni majani tu. Mwongozo huu ni wa hao, na wa yeyote mwenye mzazi anayekunywa dawa za kutuliza za hospitali huku kopo la mitishamba limekaa kando ya kitanda. Nitaueleza kwa kisa cha shangazi yangu, maana kila kosa ninalotaka kulionya alilifanya yeye, na mimi mwenye taaluma nikiwa mtaa wa pili nisijue.

Shangazi ana miaka 64, ana kisukari na presha. Tangu afiwe na mumewe, miaka mitatu iliyopita, alikuwa anameza diazepamu 5 mg kila usiku. Miguu ilipoanza kumwaka moto kwa ajili ya sukari, aliandikiwa amitriptilini 25 mg, nayo ni ya usiku. Binti yake aliyeko Hamburg alisikia mama analalamika kwamba bado anaamka amka, akamtumia kopo la valeriani. Usiku wa kwanza alimeza kidonge kimoja, hakuona kitu. Usiku wa pili na wa tatu akameza viwili. Usiku wa nne alikuwa na mafua, akaongeza piritoni. Asubuhi yake saa tatu mjukuu alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, ulimi mzito, anajibu nusu nusu. Aliposimama akapepesuka, akaangukia mlango wa choo.

Hatua ya kwanza: mwaga kila kitu mezani

Kabla ya kusoma lolote kuhusu valeriani, chukua mfuko au beseni, upite nyumba nzima. Kusanya dawa za kando ya kitanda, za kabatini, za kwenye mkoba, na zile zilizofungwa kwenye karatasi bila jina. Usiulize "unakunywa dawa gani", kwa sababu mgonjwa atakutajia zile tu anazoziona kuwa dawa. Shangazi nilipomuuliza alinitajia za sukari na presha. Za usiku aliziita "vile vidogo vya kulalia", piritoni hakuihesabu kabisa, na kopo la kutoka Ujerumani alilitaja la mwisho, kwa sauti ya kunitoa wasiwasi: "Hilo mwanangu ni mizizi tu, hata halina kemikali."

Ukishavimwaga, tenga upande mmoja kila kinachosinzisha. Dawa unazotafuta ni hizi: jamii ya diazepamu (lorazepamu, klonazepamu, alprazolamu, midazolamu), zolpidemu, fenobabitoni ya kifafa, amitriptilini, dawa za magonjwa ya akili kama klopromazini na olanzapini, dawa kali za maumivu kama tramadoli, kodeini na mofini, na dawa za mafua na mzio za aina ya zamani kama piritoni na promethazini. Syrup za kikohozi nazo zisome, kwa sababu nyingi zina kimojawapo cha hivyo. Pombe iko kwenye fungu hilohilo, na mnazi ni pombe.

Sasa hesabu. Shangazi alikuwa na vitu vitatu vinavyosinzisha kabla hata hatujalihesabu kopo la binti yake. Kwa uzoefu wangu, hesabu hii peke yake huwaonyesha jamaa kilichotokea kuliko maelezo yoyote ya kitaalamu. Familia ilikuwa inajiuliza kwa nini mzizi mmoja umemwangusha mtu, kumbe mzizi ulikuwa mtu wa nne kupanda bodaboda iliyokwisha beba watatu.

Hatua ya pili: soma kopo, usisome picha ya maua

Mbele ya kopo huwa na picha na neno la kutuliza. Mambo ya maana yako nyuma, kwa herufi ndogo, na unatafuta matatu.

La kwanza ni kama valeriani iko peke yake au imechanganywa. Kopo la shangazi lilikuwa na mimea mitatu: valeriani, hopsi (yale maua yanayotia bia uchungu) na Passiflora incarnata. Huu wa tatu ni jamaa wa pasheni tunayokamua juisi, ila si huohuo, kwa hiyo usiogope juisi yako. Yote mitatu hutumiwa kutuliza, na hivyo kidonge kimoja kilikuwa kimeshafanya mchanganyiko kabla ya kukutana na diazepamu.

La pili ni miligramu za nini. Makopo mengine huandika uzito wa mzizi mkavu, mengine huandika uzito wa kiini kilichokamuliwa humo na kukaushwa, na mengine huandika vyote. Kiini kinatokana na mzizi mwingi zaidi ya uzito wake, kwa hiyo 500 mg za kiini na 500 mg za unga wa mzizi si kipimo kimoja. Vipimo nitakavyovitaja chini ni vya kiini.

La tatu ni Hypericum perforatum. Ukiliona jina hilo kwenye kopo la "utulivu na usingizi", liweke pembeni mpaka umeonana na mfamasia au daktari. Mmea huo unalisukuma ini liharakishe kuzivunja dawa nyingine, na dawa zinapungua mwilini bila mtu kujua. Vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza kushindwa kazi, wafarini inapungua nguvu, na dolutegraviri, iliyomo kwenye vidonge vingi vya ARV tunavyotoa siku hizi, inashuka pia. Valeriani haina tabia hiyo kwa kiasi cha kutisha, ndiyo maana ni muhimu ujue kopo lako lina nini hasa. Kava nayo iache dukani. Ujerumani iliiondoa sokoni mwaka 2002 baada ya taarifa za watu kuharibikiwa na ini.

Kama kopo halina maandishi yoyote, au ni unga wa chupa ya plastiki uliouziwa stendi, na unakulaza fofofo dakika ishirini baada ya kuunywa, shuku kwamba umetiwa dawa ya hospitali. Jambo hilo limewahi kutokea. Mwaka 1998 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu bidhaa ya asili ya usingizi iliyokutwa na estazolamu, dawa ya jamii ya diazepamu, isiyotajwa kwenye lebo. Mtishamba wa kweli wa usingizi haufanyi kazi kwa kasi hiyo. Ukikutana na unga wa namna hiyo, usiutupe. Upeleke TMDA kwa Tanzania bara, au Bodi ya Dawa na Sumu kwa Kenya.

Hatua ya tatu: jua unachoweza kutarajia

Hapa nataka niwe mkweli pande zote mbili. Valeriani haijathibitishwa kwamba ni dawa nzuri ya usingizi, na pia haijathibitishwa kwamba ni maji matupu.

Mwaka 2006 watafiti walikusanya majaribio 16 yenye jumla ya watu 1,093. Waliopewa valeriani walisema wamelala vizuri zaidi mara nyingi kuliko waliopewa kidonge kitupu. Ukiishia hapo utanunua kopo. Lakini watafiti haohao walionya kwamba majaribio mengi yalikuwa na kasoro, vipimo na aina za kiini zilitofautiana sana, na kulikuwa na dalili kwamba majaribio yasiyo na matokeo mazuri hayakuchapishwa. Liko na jingine ambalo hulielewi mpaka ufungue kopo mwenyewe: valeriani inanuka. Inanuka soksi iliyovuliwa baada ya safari ndefu, na harufu hiyo haina dawa. Mtu aliye kwenye jaribio anaweza kutambua kwa pua kwamba amepata dawa ya kweli, na akishatambua, matumaini yanaanza kazi yake. Katika usingizi matumaini yana nguvu kubwa, kwa sababu kinachomfanya mtu akose hata lepe la usingizi mara nyingi ni ile hofu ya kutolala. Nilipofungua kopo la shangazi nikageuza uso, yeye akaniambia: "Ndiyo maana nikajua ni dawa kweli."

Kwa hiyo usishangae ukisikia taasisi mbili kubwa hazikubaliani. Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2017, kiliwashauri madaktari wasiitumie valeriani kutibu kukosa usingizi kwa muda mrefu, huku kikisema wazi kwamba ushahidi wenyewe ni dhaifu. Shirika la dawa la Ulaya linakubali kiini cha valeriani kwa matatizo madogo ya usingizi, kwa kipimo cha 400 hadi 600 mg, nusu saa hadi saa moja kabla ya kulala, na linaeleza kwamba kazi yake huja polepole, kwa hiyo inahitaji wiki mbili hadi nne. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa imlinde shangazi. Usiku wa kwanza hakuona kitu, na hakupaswa kuona kitu. Kuongeza kidonge usiku wa pili kulimwongezea mawenge ya asubuhi bila kumharakishia usingizi.

Niseme neno kuhusu vya kwetu, kwa sababu huwa naulizwa. Chai ya mchaichai ilijaribiwa Brazili miaka ya 1980 kwa watu wazima wenye afya, na haikuonekana kuleta usingizi wala kuondoa wasiwasi kuliko chai ya kulinganishia. Ni kinywaji kizuri cha jioni, kinywe kwa utamu wake. Kungumanga ni habari nyingine. Punje kidogo ya kunukia kwenye maziwa haina neno, lakini kuna wanaosaga kungu nzima au mbili ili walale. Kijiko kimoja au viwili vya unga wake vinatosha kumtia mtu sumu: moyo kwenda mbio, kinywa kukauka, kutapika, kuona visivyokuwepo, na huanza saa kadhaa baada ya kula, wakati mtu ameshaongeza tena akidhani haijakolea.

Hatua ya nne: elewa vinapokutana wapi

Watu wengi wakisikia dawa zinagongana hudhani zinagongana tumboni, na hivyo wakiachanisha saa mbili au tatu mambo yatakuwa salama. Kwa valeriani na dawa za kutuliza, ushauri huo hausaidii.

Ubongo una kemikali yake ya kupunguza mwendo, iitwayo gaba. Diazepamu hushika kwenye mlango wa gaba na kuufanya ufunguke zaidi. Asidi iliyomo kwenye mzizi wa valeriani nayo, kwenye maabara, imeonekana kugusa mlango huohuo, ingawa upande mwingine na kwa nguvu ndogo. Amitriptilini na piritoni hupita njia nyingine, zikizuia kemikali inayomweka mtu macho. Zote zinafika mahali pamoja: ubongo unapunguza mwendo, miguu inakosa mizani, na kifua kinapumua kwa uvivu.

Mwaka 2004 watafiti waliwapa watu wenye afya 1,000 mg za valeriani kila usiku kwa wiki mbili, kisha wakapima alprazolamu kwenye damu yao. Ilipanda kidogo tu. Wapo waliolisoma tokeo hilo kama ruhusa ya kuchanganya, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Linatuambia kwamba ini halisumbuliwi sana. Halituambii kitu kuhusu dawa mbili zinazoulegeza ubongo mmoja usiku mmoja, tena ubongo wa mama wa miaka 64. Mwaka 2009 ilichapishwa taarifa ya mgonjwa wa lorazepamu aliyejiongezea valeriani na Passiflora. Alianza kutetemeka mikono, kizunguzungu na kulegea misuli. Ni mgonjwa mmoja, hathibitishi kila kitu, lakini mchanganyiko wake ulikuwa karibu sawa na wa shangazi yangu.

Na kuhusu kuachanisha saa: kwa mtu mzima mwenye afya, diazepamu huchukua siku moja hadi mbili kupungua nusu tu mwilini, na ini linapoivunja hutoa kitu kingine chenye kazi ileile kinachokaa zaidi ya hapo. Kwa mzee muda huo unarefuka. Shangazi alikuwa anaimeza kila usiku kwa miaka mitatu, kwa hiyo hata angeiruka leo, bado ingekuwemo kesho na keshokutwa. Hakuna saa ya usiku ambayo valeriani ingeikuta nyumba tupu.

Hatua ya tano: kama fungu la kusinzisha ni tupu

Mtu mzima asiye na dawa hata moja ya fungu lile, asiye mjamzito wala kunyonyesha, asiye na ugonjwa wa ini, na asiyekoroma kwa kukatika pumzi usiku, anaweza kuijaribu valeriani. Watoto chini ya miaka 12 wasipewe.

Chagua kopo la valeriani peke yake, lenye kiasi cha kiini kilichoandikwa wazi. Anza na 400 mg, nusu saa hadi saa moja kabla ya kulala, na ubaki hapo. Usiongeze chochote kingine kipya wiki hizo, la sivyo hutajua kilichosaidia. Andika kwenye daftari mambo matatu tu kila asubuhi: ulipanda kitandani saa ngapi, unakadiria ulilala kwa saa ngapi, na umeamka na kichwa cha namna gani. Usiku wowote ulipogusa pombe, kidonge kisilike. Asubuhi za mwanzo usiendeshe pikipiki wala gari kabla hujajua inakuachaje.

Baada ya wiki nne fungua daftari. Kama mistari ya mwisho inafanana na ya mwanzo, acha. Haitaanza kufanya kazi wiki ya tano. Aliyekuwa akitumia vipimo vikubwa kwa miezi mingi asikate siku moja, apunguze kidogo kidogo. Aliyepangiwa upasuaji amwambie daktari wa nusu kaputi mapema, wiki kadhaa kabla, kwa sababu dawa nyingi za nusu kaputi nazo zinapita mlango uleule.

Hatua ya sita: kama tayari una dawa ya kutuliza

Usichanganye, na usibadilishane. Hili la pili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu mtu huona anafanya jema. Aliyezoea diazepamu au ndugu zake kila siku kwa wiki nyingi, akiiacha ghafla, anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kukesha siku kadhaa, na wengine hupata degedege, watu wazima ambao hawajawahi kuugua kifafa. Valeriani haina nguvu ya kuziba pengo hilo. Aliye kwenye fenobabitoni ya kifafa, hatari hiyo ni kubwa zaidi.

Nenda na beseni lako lote kwa aliyekuandikia. Usimwambie "nataka dawa ya asili". Mwambie: "Nakunywa hii kwa muda huu, bado silali, na nimeanza kutumia hiki. Naomba tuangalie kwa nini siamki vizuri." Kopo lenyewe liweke mezani kwake, kwa sababu wengi wetu tunaficha mitishamba kwa kuogopa kufokewa, na daktari asiyejua huongeza dawa ya tano.

Hatua ya saba: dalili za kukimbilia hospitali

Mawenge ya asubuhi, ulimi mzito, kuyumba na kusahau yaliyosemwa jana usiku ni dalili kwamba mchanganyiko umezidi. Acha mtishamba na wasiliana na kituo chako siku hiyohiyo. Mtu asiyeamka hata ukimfinya, anayekoroma kwa sauti ya maji maji, anayevuta pumzi chini ya mara kumi kwa dakika, au midomo imebadilika rangi, ni wa kukimbizwa sasa hivi. Mlaze kwa ubavu, kidevu kiinuliwe kidogo, mtu mmoja abaki akihesabu pumzi. Usimnyweshe maziwa. Najua ndilo jambo la kwanza linalokuja akilini mtu akizidisha dawa, lakini mtu aliyelegea hamezi sawasawa, na maziwa yataingia mapafuni. Kahawa nayo hivyohivyo. Beba makopo yote uende nayo.

Na usifanye haraka kulilaumu kopo. Ulimi mzito na kupepesuka ni dalili za kiharusi pia, hasa kama uso umeenda upande au mkono mmoja hauinuki, na kwa mwenye kisukari ni dalili za sukari kushuka. Shangazi alipofikishwa zahanati kitu cha kwanza walichofanya ni kumchoma kidole. Sukari ilikuwa 7.2, haikuwa yenyewe. Wakamwangalia uso na mikono, vikawa sawa pande zote. Ndipo nesi akauliza alimeza nini usiku.

Ilivyoishia kwa shangazi

Valeriani na piritoni vilisimamishwa siku ileile, na siku ya tatu ulimi ulikuwa umefunguka. Amitriptilini daktari aliiacha kwanza, kwa sababu miguu ilikuwa inamwaka kweli. Kisha akamuuliza swali ambalo hatukuwa tumeuliza sisi wote, mimi nikiwemo: ukiamka usiku, unaamkia nini? Akasema, "Naamkia haja ndogo, mara tatu, mara nne. Nikirudi kitandani ndiyo usingizi umeshakimbia." Dawa yake mojawapo ya presha ni ile ya kukojoza, na alikuwa anaimeza baada ya magharibi ili asisahau. Ilihamishwa asubuhi. Ndani ya wiki moja akawa anaamka mara moja.

Diazepamu anaipunguza kwa ratiba ya daktari: 0.5 mg kila wiki tatu, kwa tembe za 5 mg na za 2 mg zinazokatwa nusu. Nusu ya 5 pamoja na nzima ya 2 inatoa 4.5. Mbili za 2 ni 4. Nusu ya 5 na nusu ya 2 ni 3.5. Tunazikata Ijumaa jioni mezani kwa wembe mpya na kuzipanga kwenye kasha la siku saba. Ratiba hii ni yake, imepangwa kwa umri wake na kipimo chake, wewe omba ya kwako. Alipofika 3.5 alilalamika kwamba vidole vinatetemeka na moyo unapiga, daktari akamsimamisha hapo wiki tatu zaidi, pakatulia, akaendelea. Wiki hii yuko kwenye 2.5, nusu ya ile aliyoianza.

Binti yake alipiga simu akilia, akidhani amemuumiza mama. Nilimwambia ukweli, kwamba kopo lake lilikuwa kitu cha nne, na kwamba vitatu vya kwanza tulivitoa sisi tulioko hapa. Akaniuliza kama alichukue kopo akija Desemba. Kopo lipo kwangu, limefungwa, na kwenye kifuniko nimebandika karatasi ya majina ya dawa za mama yake, ili akilitazama aone lilikuwa linakutana na nini.